Presha, Kidonge na Uradi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni muuguzi. Nimekaa miaka mingi kwenye kliniki ya presha mjini Tanga, na karibu kila siku ya kliniki kuna mgonjwa anayeinama mezani na kuniuliza kwa sauti ya chini jambo linalohusu sala na dawa. Wengine ni Waislamu, wengine Wakristo, na wachache husema wao si watu wa ibada ila hupenda kukaa kimya alfajiri. Hapa nimeyakusanya maswali yao pamoja na majibu ninayowapa. Nazungumzia presha ya kupanda tu, kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

Nikisali nahisi mwili umetulia kabisa. Je, presha yangu inashuka kweli au ni hisia tu?

Inashuka kweli, kwa muda. Mtu akikaa akatulia na pumzi yake ikawa ndefu, mapigo ya moyo hupungua kasi, mishipa hulegea, na mashine huonyesha namba ndogo kuliko alivyoingia. Hata mgonjwa aliyefika kwa daladala akiwa amechelewa na ana hasira, nikimwacha akae dakika tano bila kusemeshwa na mtu, namba yake ya pili huwa chini ya ile ya kwanza.

Kwa upande wa sala kuna jambo la kuvutia zaidi. Mwaka 2001 watafiti wa Italia wakiongozwa na Luciano Bernardi wa Chuo Kikuu cha Pavia waliwapima watu wazima 23 wenye afya wakiwa wanasali rozari kwa Kilatini. Salamu Maria moja, kiongozi akianza na wengine wakiitikia, ilichukua kama sekunde kumi. Hivyo bila kuambiwa wahesabu, pumzi zao zilishuka hadi karibu sita kwa dakika, wakati mtu aliyekaa tu huvuta kama 12 au zaidi. Kwenye mishipa mikubwa ya shingo na kifua tuna vihisio vinavyopima msukumo wa damu na kuuambia moyo upunguze au uongeze mwendo. Kwa pumzi sita kwa dakika, vihisio hivyo vilifanya kazi vizuri zaidi.

Wale walikuwa watu wazima wa afya, tena walipimwa wakati wa sala. Utafiti huo hausemi kwamba rozari inatibu presha. Unachoonyesha ni kwamba sala yenye mwendo wa polepole hugusa mwili mahali panapohusika na presha, na hilo linatosha kuifanya sala kuwa mwenzake kidonge.

Basi kwa nini isitoshe yenyewe?

Kwa sababu ya kiasi, na kwa sababu ya muda. Mazoezi ya pumzi ya polepole yakifanywa kila siku huweza kupunguza pointi chache za namba ya juu. Kidonge kimoja cha kawaida hupunguza kama pointi tisa au kumi kwa wastani, na wagonjwa wengi huhitaji vidonge vya aina mbili. Mtu aliyefika kwangu na 172 kwa 102 ana safari ya pointi zaidi ya 30 kufika chini ya 140 kwa 90. Uradi hauwezi kumfikisha huko peke yake.

Na muda: ukimaliza kusali unarudi sokoni, jikoni, kwenye ada za watoto. Utulivu wa alfajiri hauilindi mishipa saa tisa alasiri. Dawa inakuwa ndani ya damu saa zote 24, hata ukiwa umelala.

Niliacha dawa nikaongeza ibada. Siku mbili baadaye nikapima, presha ikawa nzuri. Si ina maana nimepona?

Hili ndilo swali linaloniumiza kuliko yote. Nitalijibu kwa kisa cha mama mmoja, maana yeye alifanya hivyohivyo kwa nia safi kabisa.

Alikuwa na umri wa miaka 58. Siku ya kwanza tulimpata na 172 kwa 102. Akaanzishiwa amlodipini ya miligramu 5, kidonge kimoja kwa siku. Baada ya wiki nne alikuwa 150 kwa 90, daktari akampandisha hadi miligramu 10. Mwezi uliofuata akawa 136 kwa 84. Kipindi hichohicho alianza kukaa na tasbihi yake kila baada ya swala ya alfajiri, na vipimo vyake vya nyumbani vikawa vinazunguka 132 kwa 82. Alifurahi, nami nilifurahi naye.

Ijumaa moja akaamua kuacha dawa. Jumapili akapima: 134 kwa 82. Akaniambia baadaye kwamba alilia kwa shukrani. Jumatano yake ilikuwa 146 kwa 88, akadhani ni uchovu wa msiba aliotoka. Hakupima tena. Wiki mbili baada ya kuacha, alipokuja kwa tarehe yake ya kliniki, mashine ilisoma 168 kwa 98. Hakuwa na dalili yoyote, wala kichwa hakikumuuma.

Kilichotokea kina maelezo. Amlodipini huondoka mwilini taratibu sana: inachukua kama saa 30 hadi 50 kupungua nusu tu. Kwa hiyo Jumapili ile bado alikuwa amebeba sehemu ya dawa aliyokuwa akimeza kwa miezi. Namba nzuri aliyoiona ilikuwa kazi ya kidonge cha Alhamisi na vya kabla yake. Dawa ilipoisha, presha ikarudi ilikotoka.

Ndiyo maana nawaomba watu wasipime uponyaji kwa siku mbili, wala kwa wiki moja. Na zipo dawa nyingine, kama atenololi na propranololi, ambazo ukizikata ghafla moyo unaweza kwenda mbio na presha ikapanda haraka, na kwa mwenye ugonjwa wa moyo hilo ni la hatari. Hizo hupunguzwa hatua kwa hatua, daktari akiwa anajua.

Je, kumeza dawa si dalili ya imani haba?

Mimi si shehe wala mchungaji, ila nimewasikia wengi wenye elimu wakilijibu, na jibu lao ni moja. Mtume aliulizwa na mabedui kama watafute dawa, akawaambia watafute, kwani Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea na dawa. Kwa Wakristo, Paulo anamtaja Luka kuwa tabibu mpendwa, na wala hamwambii aache kazi yake. Mgonjwa akinieleza kwamba moyo wake unamsuta kila anapomeza kidonge, humwambia akimeze kwa bismillahi au kwa ishara ya msalaba. Wapo walioniambia kwamba tangu siku hiyo hawajasahau dozi.

Na kiongozi wangu wa dini akiniambia niache?

Mwambie kwa adabu kwamba utaendelea na maombi yake na utaendelea na dawa, na kwamba kama umepona, mashine ya kliniki itaonyesha na daktari ndiye atakayepunguza. Mponyaji wa kweli hana sababu ya kuogopa kipimo.

Sisi Watanzania tulishapita njia hii. Mwaka 2011 watu walimiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa mchungaji Ambilikile Mwasapila kunywa kikombe cha dawa yake kwa shilingi 500. Magari yalipangana foleni za siku kadhaa. Wapo waliotoka wodini kwenda kule, na wapo walioacha dawa zao wakiamini wamemaliza. Siwalaumu waliokwenda, maana mgonjwa hutafuta. Lakini ugonjwa unaohitaji dawa kila siku haujali kama uliiacha kwa nia njema.

Nifanyeje hasa? Nipe utaratibu wa asubuhi moja.

Nitakupa ninaowafundisha wagonjwa wangu. Chukua wakati ambao tayari unasali au unatulia, kwa wengi ni baada ya alfajiri, kabla nyumba haijaamka.

Kwanza nenda msalani, kwa sababu kibofu kilichojaa hupandisha namba. Usinywe chai ya rangi wala kahawa kwanza. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, nyayo zote mbili chini, miguu isipandane. Mkono uwe juu ya meza, usawa wa moyo, na mkanda wa mashine ugusane na ngozi. Akina mama wengi hufungia juu ya mkono wa dera au baibui, na namba inayotoka hapo haiaminiki. Tulia dakika tano. Pima, subiri dakika moja, pima tena, andika zote mbili kwenye daftari pamoja na tarehe. Wakati mashine inapuliza usiongee, hata uradi usiutamke, maana kuongea kunapandisha presha.

Kisha meza kidonge chako.

Baada ya hapo ndipo ukae na sala yako. Kama unatumia tasbihi, vuta pumzi kwa pua bila kuilazimisha, ukihesabu moyoni hadi nne, kisha itoe polepole kwa muda mrefu kidogo kuliko ulivyoivuta, ukisema Subhanallah katika kutoa. Punje moja, pumzi moja. Pumzi ya sekunde kumi mara 33 ni dakika tano na nusu. Ukiendelea na Alhamdulillah na Allahu Akbar utakuwa umekaa kama dakika 17, na hizo zinatosha. Kwa wenye rozari, fumbo moja la Salamu Maria kumi, likisaliwa kwa kupokezana na mwenzako, linakupa mwendo uleule: yeye anapoitikia “Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu”, wewe ndipo unapovuta pumzi. Ukisali peke yako, nyamaza kidogo kati ya sehemu mbili za sala. Ukimya ule mfupi ndio unaozuia pumzi isikimbie.

Asiye wa ibada na akae barazani au kitandani, aangalie jambo moja lisilosogea, mti au ukuta, na ahesabu pumzi zake hadi kumi kisha aanze tena moja. Mawazo yatakuja. Yakija, rudi kwenye moja bila kujikemea.

Kwa nini napanga kipimo, kidonge, kisha sala? Kwa sababu sala ni kitu ambacho tayari unakikumbuka. Kidonge kikikaa kando ya tasbihi, sala inakikumbusha. Mzee mmoja anafunga pakiti yake ya dawa ndani ya msala, akiukunjua kidonge kinaanguka mbele yake. Sijawahi kuona mbinu bora kuliko hiyo.

Kwa nini nisipime mara tu baada ya kusali, wakati niko vizuri?

Unaweza, ukitaka kujionea tofauti. Lakini usiiandike kama ndiyo presha yako. Daktari anapanga dozi kwa vipimo vilivyochukuliwa katika hali ileile kila siku. Ukimletea namba za dakika yako tulivu kuliko zote, atadhani dawa inatosha kumbe mchana wako wote uko juu. Pima kabla ya sala, kila siku hivyohivyo. Nyumbani tunatafuta wastani ulio chini ya 135 kwa 85.

Naswali sana, natulia, dawa nameza, na bado namba ziko juu. Mungu hanisikii?

Kabla ya kujihukumu, tuangalie sufuria na kabati. Nawauliza wagonjwa wa pwani kama wanakula ng'onda au papa mkavu, maana samaki aliyehifadhiwa kwa chumvi anabeba chumvi ya siku nzima kwenye kipande kimoja, halafu mchuzi wake unatiwa nyingine. Viungo vya kukolezea mchuzi vya madukani vina chumvi pia. Nauliza kuhusu dawa za maumivu: diklofenaki au ibuprofeni ya kila siku kwa ajili ya magoti hupandisha presha na huchosha figo, na watu wengi huinunua bila kumwambia mtu. Nauliza kama mgonjwa anakoroma sana na kuamka amechoka. Nauliza, kwa upole, kama kidonge kinamezwa kila siku au siku ambazo kichwa kinauma tu.

Mara nyingi jibu hupatikana humo. Lisipopatikana, daktari huongeza dozi au dawa ya pili, au huagiza figo zipimwe. Presha isiyoshuka ni suala la mwili. Mama mmoja mcha Mungu alikuja akiwa amejiaminisha kwamba ana dhambi iliyofichika. Alikuwa anameza diklofenaki mara mbili kwa siku kwa miezi minne.

Mikesha na maombi ya sauti kubwa yananisaidia kutulia pia?

Hayo ni ibada yako na siyagusi. Ila kwa habari ya presha, usiyahesabu kama sehemu ya utaratibu huu. Kupiga kelele, kuruka na kulia kwa uchungu hupandisha mapigo na presha kwa wakati ule, na kukosa usingizi usiku kucha huipandisha siku inayofuata. Ukienda mkesha, beba dawa yako, kunywa maji, na lala mchana wake. Mwenye presha ambayo bado haijadhibitiwa namshauri achague sehemu ya mkesha, asiumalize wote.

Nikivuta pumzi hizo ndefu napata kizunguzungu na vidole vinachonyota.

Unavuta nyingi mno. Watu wakisikia “pumzi ndefu” hujaza kifua kama wanataka kupiga mbizi. Inayotakiwa ni pumzi ya polepole, si kubwa. Rudi kwenye pumzi yako ya kawaida mpaka hali iondoke, kisha anza tena kwa upole. Kama unaumwa pumu au moyo, fuata mwendo ambao haukusumbui hata usipofika sita kwa dakika.

Kizunguzungu cha kuinuka ni jambo lingine. Baadhi ya dawa za presha hufanya damu ichelewe kupanda kichwani mtu anaponyanyuka kutoka kwenye sujudu au kupiga magoti. Inuka kwa hatua: kaa kwanza, hesabu pumzi mbili, ndipo usimame. Ukiona giza machoni mara kwa mara, pima presha ukiwa umekaa, kisha ukiwa umesimama, na ulete namba zote kliniki. Huenda dozi ni kubwa. Kuswali ukiwa kwenye kiti kunaruhusiwa kwa mwenye udhuru, usione haya.

Ramadhani nifanyeje na vidonge?

Njoo kliniki wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Dawa ya mara moja kwa siku kama amlodipini huhamishwa kwa urahisi kwenda futari au daku. Dawa za mara mbili au tatu kwa siku hubadilishwa mara nyingi kuwa aina ya mara moja. Za kukojosha zinahitaji uangalifu zaidi kwa sababu ya kupungukiwa maji kwenye joto letu. Kosa ninaloliona kila mwaka ni mtu kuacha dawa mwezi mzima halafu kuja baada ya Idi na 190.

Naweza kumeza dawa kwa maji ya zamzam, maji yaliyosomewa au maji ya baraka?

Ndiyo, ni maji. Mitishamba ni habari nyingine: lete majani au chupa tuone, kwani baadhi hugongana na dawa.

Ni wakati gani nisimalizie sala bali niende hospitali?

Mdomo ukipinda, mkono au mguu ukiishiwa nguvu upande mmoja, maneno yakikwama, macho yakififia ghafla, kifua kikibana, pumzi ikikata, au kichwa kikiuma kwa namna ambayo hujawahi kuiona. Hapo kata swala, weka rozari mfukoni, na uamshe watu nyumbani. Wakuombee ndani ya gari. Kiharusi kinahesabiwa kwa dakika, na nimewapokea waliosubiri mpaka asubuhi kwa kuwa familia ilikuwa inawasomea.

Mashine ikisoma 180 kwa 120 au zaidi nawe huna dalili hizo, kaa, tulia dakika tano, pima tena. Ikibaki hapo, wasiliana na kituo siku hiyohiyo. Usimeze vidonge viwili kwa mkupuo ili kuishusha.

Dawa inanivimbisha miguu na nyingine ilinipa kikohozi. Si bora nibaki na sala tu?

Uvimbe wa vifundo vya miguu hutokea kwa amlodipini, hasa dozi kubwa. Kikohozi kikavu kisichoisha hutokea kwa dawa za kundi la kaptoprili na enalaprili. Yote mawili yana suluhisho, kwani dawa hubadilishwa, na kwa kikohozi losatani huchukua nafasi. Tuambie. Wengi huacha kimyakimya wakiogopa kugombezwa, kisha husema wameamua kumtegemea Mungu, kumbe ni miguu iliyovimba ndiyo iliyoamua.

Kuna siku dozi itapunguzwa?

Inawezekana, na utaratibu huu ukichangia nitafurahi sana. Daktari hutazama daftari la wiki kadhaa, akaona namba zimekaa chini bila kupanda, hasa kama umepungua uzito na chumvi imepungua. Atashusha hatua moja, kisha atataka vipimo vya wiki kadhaa tena kabla ya kugusa kitu kingine. Yule mama wa miaka 58 alirudishiwa miligramu 10, akaendelea na tasbihi, akaacha ng'onda. Mwaka mmoja baadaye daktari alimshusha hadi 5, na daftari lake linaonyesha amebaki chini ya 135.

Nikisahau kidonge asubuhi?

Kama ni cha mara moja kwa siku, kimeze ukikumbuka siku hiyohiyo, hata ikiwa magharibi. Ukikumbuka kesho yake, acha kilichopita na umeze cha leo tu, kimoja.